Blogu ya Mada Moja na Pesa za Matangazo: Hesabu ya Miezi 24

Wakazi wengi, hasa vijana na wakulima wenye ujuzi wa kazi fulani, wanafungua blogu wakitarajia kulipwa kupitia matangazo ya Google AdSense. Wengi huacha kabla ya mwezi wa sita, wakidhani wamekosea mahali au wamedanganywa. Mara nyingi hakuna kosa lolote. Walianza bila kujua kwamba blogu mpya huchukua karibu mwaka mzima kabla ya wasomaji kuanza kuiona, na kwamba malipo ya kwanza yanaweza kufika katika mwaka wa pili.

Somo hili linaeleza kazi ya kuifanya blogu ionekane kwenye injini ya utafutaji, ile ambayo wengi huiita SEO, kwa kufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi malipo. Mfano ni wa mfugaji wa nyuki mwenye mizinga 12 anayeanzisha blogu ya Kiswahili kuhusu ufugaji wa nyuki. Mfugaji huyo ni wa kubuni na takwimu zake ni za makadirio, lakini hatua anazopitia ni zile zile atakazopitia mkazi yeyote.

Pesa hutoka wapi

AdSense huweka matangazo kwenye kurasa za blogu na kumpa mwenye blogu sehemu ya pesa zinazolipwa na watangazaji. Tangu mwanzoni mwa 2024, malipo huhesabiwa kwa mara tangazo linapoonyeshwa, si kwa kubofywa tu kama zamani. Kwenye akaunti, kipimo cha kufuatilia kinaitwa `Page RPM`, yaani kiasi kinachopatikana kila kurasa zinapofunguliwa mara 1,000.

Kipimo hicho hutegemea mada, nchi ya msomaji, na lugha. Msomaji anayetafuta bei ya kitu anachotaka kununua huvutia watangazaji wengi kuliko anayetafuta maana ya neno. Msomaji aliye Kenya au Tanzania kwa kawaida huleta pesa kidogo kuliko aliye Marekani au Uingereza, kwa kuwa watangazaji wa huko hushindania nafasi kwa bei ya juu. Kwa hesabu za somo hili, mfugaji wetu anakadiria dola 1 kwa kila mara 1,000. Ni heri kupanga kwa kiwango cha chini na kushangazwa na ongezeko.

Kwa hiyo hesabu ya msingi ni fupi: idadi ya kurasa zilizofunguliwa, ikigawanywa kwa 1,000, ikizidishwa kwa `Page RPM`. Mwenye blogu hana uwezo mkubwa juu ya bei ya matangazo. Uwezo wake uko katika kuchagua maswali ya kujibu, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Kuchagua maswali ya kujibu

Mfugaji akianza kwa kuandika ukurasa wenye kichwa "Ufugaji wa nyuki", atakutana na wizara, vyuo vikuu, magazeti na mashirika makubwa ambayo yameandika juu ya mada hiyo kwa miaka mingi. Ukurasa wake utakuwa nyuma sana, mahali ambapo hakuna anayefika. Mada pana huachwa hadi blogu iwe na kurasa nyingi na imejulikana.

Maswali mafupi yenye jibu la neno moja nayo si chaguo zuri. Anayeuliza nyuki ana miguu mingapi huona jibu juu kabisa ya ukurasa wa matokeo wa Google, na hafungui tovuti yoyote. Ukurasa wa namna hiyo unaweza kuwa wa kwanza na bado usilete msomaji.

Yanayofaa ni maswali ya mtu aliye na shida mkononi au aliye karibu kufanya uamuzi. Mfano wa shida ni "nyuki wamehama mzinga". Mfano wa uamuzi ni "mzinga wa Langstroth au KTBH upi ni bora". Maswali haya yanahitaji maelezo, picha na uzoefu, kwa hiyo anayeuliza hufungua ukurasa na kuusoma hadi mwisho. Maswali ya uamuzi pia huvutia watangazaji wanaouza vifaa.

Kupata maswali hayo hakuhitaji programu ya kulipia. Mfugaji huandika maneno ya mwanzo kwenye Google, kwa mfano "nyuki wame", na kuangalia Google inapendekeza kumalizia vipi, kwa sababu mapendekezo hayo hutokana na yale ambayo watu hutafuta kweli. Kisha hutafuta swali zima na kufungua matokeo kumi ya kwanza, moja baada ya jingine. Akikuta yote kumi yanajibu swali hilo kikamilifu, anahamia swali jingine. Akikuta video isiyo na maelezo, hati ya zamani isiyosomeka kwenye simu, au makala inayogusa swali kwa sentensi mbili, hapo pana nafasi.

Lugha nayo ni uamuzi wa mapema. Kwa Kiingereza kuna wanaotafuta wengi zaidi na ushindani mkubwa. Kwa Kiswahili wanaotafuta ni wachache, lakini kurasa zenye majibu kamili ni chache pia, na wasomaji wanatoka Kenya na Tanzania. Kabla ya kuamua, ni vyema kukagua orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense kwenye kurasa zake za msaada. Kisha blogu ishike lugha moja. Ukurasa ulioandikwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza huwachanganya wasomaji na injini ya utafutaji kwa pamoja.

Ukurasa mmoja, hatua kwa hatua

Mfugaji anachagua swali la "nyuki wamehama mzinga". Aya ya kwanza inatoa jibu moja kwa moja: nyuki wa Afrika huhama kwa urahisi, na sababu kuu ni njaa, ukosefu wa maji, joto, wadudu kama siafu, na kusumbuliwa na nyegere au na binadamu. Msomaji asiye na muda anaondoka na jibu, na mwenye shida anaendelea kusoma.

Aya zinazofuata zinatoa kile ambacho kurasa nyingine hazina, yaani namna ya kutambua sababu. Mzinga ukikutwa na masega makavu, bila asali wala majana, nyuki walijiandaa kuondoka, na chanzo huwa ni njaa au kiangazi. Ukikutwa na majana na asali vimeachwa, waliondoka kwa ghafla, na chanzo huwa ni kushambuliwa au kusumbuliwa. Mfugaji anaweka picha mbili alizopiga mwenyewe, moja kwa kila hali. Jambo hili lililotoka kazini kwake ndilo litakaloutenga ukurasa wake na mingine, kwa kuwa mtu aliyenakili maelezo ya wengine hana picha hizo.

Mwishoni anaweka viungo vya kurasa zake nyingine tatu: kuwawekea nyuki maji wakati wa kiangazi, kuzuia siafu kwa kupaka grisi kwenye nguzo au nyaya za mzinga, na kupaka nta ndani ya mzinga kabla ya kuutundika tena. Viungo hivi humsaidia msomaji kuchukua hatua inayofuata, na huisaidia Google kuzifikia kurasa hizo na kuelewa kwamba blogu nzima inahusu nyuki.

Kichwa na maelezo mafupi ya ukurasa huandikwa hivi:

```html
<title>Nyuki wamehama mzinga: sababu 5 na namna ya kuzuia</title>
<meta name="description" content="Kagua masega yaliyoachwa
ujue kama ni njaa au usumbufu, kisha urekebishe mzinga.">
```

Maneno ambayo watu hutafuta yako mwanzoni mwa kichwa, na kichwa ni kifupi ili kisikatwe kwenye simu. Maelezo mafupi hayapandishi ukurasa kwenye orodha, lakini Google huweza kuyaonyesha chini ya kichwa, na yakiandikwa vizuri humshawishi msomaji kufungua.

Picha za simu zipunguzwe kabla ya kuwekwa. Picha moja inaweza kuwa na megabaiti 4, na ukurasa wenye picha tano kama hizo utammalizia msomaji bando na kuchelewa kufunguka. Ikipunguzwa hadi chini ya kilobaiti 200, bado itaonekana vizuri kwenye simu.

Miezi 24 ya mfugaji

Mfugaji anaandika ukurasa mmoja kwa wiki, kiasi cha kurasa 50 kwa mwaka. Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi vinamgharimu, kwa makadirio yake, Sh6,000 kwa mwaka. Siku ya kwanza anaisajili blogu kwenye `Google Search Console`, huduma ya bure inayoonyesha jinsi blogu inavyoonekana kwenye utafutaji, na kuweka humo anwani ya ramani ya tovuti, yaani `sitemap.xml`.

Miezi mitatu ya kwanza haina cha kuonyesha. Ana kurasa 13, na kwa siku nyingi hakuna msomaji aliyetoka Google. Baadhi ya kurasa zina alama ya `Discovered - currently not indexed`, maana yake Google inajua zipo lakini haijazisoma. Kwa blogu mpya hali hii ni ya kawaida.

Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, kurasa zinaanza kuonekana kwenye matokeo, lakini katika nafasi ya 20 hadi 50. Wanaobofya ni wachache kwa siku. Cha kufurahia hapa ni kwamba safu ya `Queries` inamwonyesha maneno halisi ambayo watu walitafuta, na baadhi ni maswali ambayo hakuwahi kuyafikiria. Hayo yanakuwa mada za wiki zinazofuata. Mwezi wa sita, akiwa na kurasa 25 na ukurasa wa sera ya faragha, anaomba kuunganishwa na AdSense. Mwombaji lazima awe ametimiza miaka 18.

Mwezi wa saba kurasa zinafunguliwa mara 1,000, naye anapata dola 1. Mwezi wa nane ni mara 1,500, wa tisa 2,500, wa kumi 3,500, wa kumi na moja 4,500, na wa kumi na mbili 6,000. Jumla ya mwaka wa kwanza ni dola 19. Mwezi wa kumi na moja, salio lilipopita dola 10, Google ilimtumia kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Ndiyo maana sanduku la posta liandikwe sawasawa wakati wa kujisajili, kwa kuwa namba hiyo isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa.

Mwaka wa pili ukuaji unaendelea kwa sababu kurasa za zamani bado zinaleta wasomaji huku mpya zikiongezwa. Kutoka mwezi wa 13 hadi wa 18 anapata dola 7, 8, 10, 11, 13 na 15. Salio linafika dola 83. Mwezi wa 19 anapata dola 17, na salio linafika dola 100, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kulipwa. Malipo hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata.

Hivyo malipo ya kwanza yanafika mwezi wa 20. Kwa kiwango cha takriban Sh130 kwa dola, ni Sh13,000, na benki inaweza kukata ada yake. Gharama zake za miaka miwili ni Sh12,000. Kwa maneno mengine, baada ya mwaka mmoja na miezi minane mfugaji amerudisha alichotoa mfukoni, bila kuhesabu saa zake za kuandika. Akiendelea hivyo na kufikia kurasa kufunguliwa mara 25,000 kwa mwezi wa 24, atakuwa anapata Sh3,250 kwa mwezi. Kinachopatikana ni kipato cha AdSense, na kinapaswa kutangazwa kwa KRA kama kipato kingine.

Ratiba hii si ya polepole kupita kiasi. Google yenyewe imewahi kueleza kwamba kazi ya aina hii mara nyingi huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya manufaa kuonekana. Kampuni ya Ahrefs ilipochunguza kurasa mpya mwaka 2017, ilikuta ni asilimia 5.7 tu zilizofika kwenye matokeo kumi ya kwanza ndani ya mwaka mmoja, hata kwa neno moja la utafutaji. Anayeahidi pesa za matangazo ndani ya miezi mitatu, hasa akitaka kulipwa ada ya mafunzo kwanza, aulizwe atoe hesabu yake.

Kusoma dalili na kurekebisha

Kuanzia mwezi wa sita, nusu ya kazi ni kurekebisha kurasa zilizopo. `Search Console` hutoa dalili tatu zinazotosha.

Ya kwanza ni ukurasa ulio katika nafasi ya 8 hadi 20 na unaoonekana mara nyingi. Huu uko karibu na mlango. Msomaji wa Google ameonyesha kuuhitaji, na ukikamilishwa unaweza kuingia kwenye kumi za kwanza. Mfugaji huufungua, husoma maneno ambayo watu walitafuta, na kuongeza sehemu inayokosekana. Kama watu wanatafuta "nyuki wamehama baada ya kuvuna" na ukurasa hautaji uvunaji, anaongeza aya kuhusu kuwaachia nyuki asali ya kutosha. Kisha husubiri wiki kadhaa kabla ya kugusa tena, kwani Google huhitaji muda wa kuusoma upya na kuulinganisha na mingine.

Ya pili ni ukurasa ulio katika nafasi ya 3 au 4 lakini haubofywi. Mara nyingi kichwa hakisemi wazi kile msomaji atakachopata, au Google imeshatoa jibu lenyewe juu ya matokeo. Kichwa kinaweza kubadilishwa. Swali ambalo limeshajibiwa na Google linaachwa lilivyo.

Ya tatu ni alama ya `Crawled - currently not indexed`. Hapa Google imeusoma ukurasa na haikuuweka kwenye hifadhi yake, na kuuomba tena na tena hakusaidii. Kwa kawaida ukurasa ni mwembamba au unarudia ukurasa mwingine. Mfugaji alikuwa na kurasa mbili, "kwa nini nyuki huhama" na "nyuki wamehama mzinga", zilizojibu swali lile lile. Dawa ni kuziunganisha kuwa ukurasa mmoja mzuri, kisha kuielekeza anwani ya ule uliofutwa kwenye ule uliobaki.

Msimu nao una dalili zake. Maswali ya kuvuna huongezeka wakati wa mavuno na kupungua baadaye, kwa hiyo kushuka kwa mwezi mmoja kusichukuliwe kuwa adhabu. Mwezi huo ulinganishwe na mwezi kama huo mwaka uliotangulia, kwani `Search Console` huhifadhi takwimu za miezi 16. Ukurasa wa msimu uchapishwe miezi mitatu au minne mapema, ili uwe umeshapanda watu wanapoanza kutafuta.

Yanayofunga akaunti, na wakati wa kuacha

Kosa linalowaondoa wengi ni kubofya matangazo yao wenyewe au kuwaomba jamaa na marafiki kwenye kundi la WhatsApp wabofye. Google hutambua mibofyo hiyo, hurudisha pesa kwa watangazaji, na huweza kuifunga akaunti. Kununua viungo kutoka tovuti nyingine na kunakili makala za wengine pia ni kinyume cha kanuni za Google, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

Mwezi wa 12 ni wakati mzuri wa kufanya uamuzi. Kama kurasa zinaonekana mara chache mno, hata zilizo kwenye kumi za kwanza, wanaotafuta mada hiyo ni wachache na blogu haitakua kwa kuongeza kurasa. Mada ipanuliwe kidogo, kwa mfano kutoka nyuki pekee hadi asali, nta na mimea ya nyuki. Kama kurasa zinaonekana mara nyingi lakini zote ziko nyuma ya nafasi ya 30, maswali yaliyochaguliwa ni mapana mno, na kuna haja ya kurudi kwenye maswali ya shida na uamuzi. Kama wasomaji wapo wa kutosha na pesa ni kidogo, kasoro haiko kwenye uandishi. Matangazo ya mada hiyo ni ya bei ya chini, na mwenye blogu anapaswa kuamua kama Sh3,000 kwa mwezi zinastahili saa anazotumia.

Mkazi anayetaka kuanza anaweza kujipima kabla ya kutumia shilingi yoyote. Aandike maswali 50 ambayo watu humuuliza kuhusu kazi yake, kisha ayatafute kwenye Google moja baada ya jingine na kuweka alama kwa yale ambayo hayajajibiwa vizuri. Akipata 30 au zaidi, ana kazi ya miezi saba kwa ukurasa mmoja kila wiki. Akishindwa kufikisha maswali 50, achague mada nyingine anayoifahamu zaidi kabla ya kulipia jina la tovuti.